Shilingi Yako ya Muziki Huenda kwa Nani? Maswali ya Wasikilizaji na Wasanii wa Wajir

Kijana mmoja anayeimba dhaanto kwenye harusi alinionyesha simu yake tukiwa kibandani tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia, hapa Wajir mjini. Kwenye kioo kulikuwa na taarifa ya mirabaha kutoka kwa msambazaji wake: safu ya nchi, safu ya idadi ya strimu, safu ya dola. Aliweka kidole kwenye safu ya mwisho, akaniuliza, "Abti, wimbo huu unapigwa kila harusi kuanzia Habaswein hadi Bute. Mbona hela ni hizi?"

Nilimwambia ukweli ambao hakuufurahia. Wimbo unaopigwa harusini kutoka kwenye memori kadi, au unaotumwa kwa WhatsApp na kuingia simu mia, hauhesabiwi popote. Kinachohesabiwa ni strimu, yaani mtu kuufungua wimbo ndani ya programu ya muziki na kuusikiliza angalau sekunde 30. Hata strimu hizo zikishahesabiwa, liko swali jingine ambalo wasanii wengi wa kaskazini mashariki hawajawahi kulisikia: pesa za wasikilizaji zinagawanywa kwa hesabu gani? Hesabu zinazobishaniwa duniani ni mbili, na nimejaribu kuzieleza hapa kupitia maswali niliyoulizwa siku ile na baadaye.

Ninalipa kila mwezi na ninamsikiliza mwimbaji mmoja tu. Pesa yangu si inamfikia yeye?

Sehemu yake ndogo tu. Hili ndilo linalowashangaza watu zaidi, kwa hiyo tulitazame kwa maziwa kwanza.

Chukua kwamba soko la maziwa limeamua kila mteja alipe ada moja kwa mwezi, kisha anywe anavyotaka. Wewe unakunywa vikombe viwili kwa wiki, na vyote ni maziwa ya ngamia kwa mama mmoja unayemwamini. Jirani yako anakunywa vikombe vitano kwa siku, vyote maziwa ya ng'ombe. Mwisho wa mwezi soko linaweka ada zote kwenye chungu kimoja, linahesabu vikombe vyote vilivyonywewa sokoni, na kila muuzaji analipwa kwa idadi ya vikombe vyake. Mama wa maziwa ya ngamia atapata malipo ya vikombe vyako vinane hivi. Sehemu kubwa ya ada yako imekwenda kulipia maziwa ya ng'ombe aliyoyanywa jirani.

Huo ndio mfumo wa prorata, ninaouita mfumo wa chungu kimoja. Spotify, Apple Music na programu nyingine nyingi kubwa hugawa hivyo. Kampuni hukata sehemu yake, ambayo kwa Spotify ni takribani theluthi moja ya mapato, na kinachobaki hugawanywa kwa wenye haki kulingana na fungu lao la strimu zote. Ndiyo maana hakuna bei maalumu ya strimu moja. Watu husema "strimu moja ni senti kadhaa", lakini hiyo ni hesabu inayopigwa baadaye kwa kugawanya pesa kwa strimu, na hubadilika kila mwezi.

Mfumo wa pili ni wa msikilizaji. Ada yako haiingii kwenye chungu cha wote. Inagawanywa kwa wale tu uliowasikiliza wewe, kwa kiasi ulichowasikiliza. Ukimsikiliza mmoja peke yake, fungu lako lote ni lake, hata kama ulifungua wimbo wake mara tatu tu mwezi mzima.

Tofauti yake ni kubwa kiasi gani? Tuonyeshe kwa shilingi.

Tuchukue wasikilizaji watatu wa Wajir, na tujifanye ndio wateja pekee wa programu moja. Ada ninaibuni iwe shilingi 300 kwa mwezi, kampuni ikikata asilimia 30. Kila mmoja anabakisha shilingi 210 za wasanii, jumla 630.

Wa kwanza ni kijana wa duka la kutengeneza simu. Spika iko mlangoni, muziki unaanza akifungua duka na kuzima akifunga. Kwa mwezi ana strimu 900, zote za nyota mmoja wa Nairobi. Wa pili ni muuguzi anayesikiliza akirudi zamu: strimu 60, ambazo 40 ni za kijana wetu wa dhaanto na 20 za yule nyota. Wa tatu ni mzee mfanyabiashara wa mifugo anayependa qaraami, zile nyimbo za mapenzi za zamani zinazoimbwa kwa udi. Ana strimu 40, zote za mwimbaji mmoja. Jumla ni strimu 1,000.

Kwa chungu kimoja, shilingi 630 zikigawanywa kwa strimu 1,000, kila strimu ni senti 63. Nyota wa Nairobi ana strimu 920, anapata shilingi 579.60. Kijana wa dhaanto ana 40, anapata 25.20. Mwimbaji wa qaraami naye ana 40, naye anapata 25.20.

Kwa mfumo wa msikilizaji, shilingi 210 za kijana wa duka zinakwenda zote kwa nyota. Za muuguzi zinagawanyika: theluthi mbili, yaani 140, kwa dhaanto, na 70 kwa nyota. Za mzee zote 210 zinamfuata mwimbaji wake. Sasa nyota ana 280, dhaanto ina 140, qaraami ina 210.

Mtazame muuguzi. Alitoa shilingi 210 kwa wasanii. Katika mfumo wa kwanza strimu zake 60 zina thamani ya shilingi 37.80 tu. Zile 172.20 zilizobaki zimelipia spika ya duka la simu.

Basi mfumo wa msikilizaji ni wa kuwasaidia wasanii wadogo?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na nimesikia hata wanaharakati wa muziki wakilisema kana kwamba limethibitishwa. Si udogo wa msanii unaoamua. Kinachoamua ni tabia za wasikilizaji wake: wanacheza nyimbo ngapi kwa mwezi, na wanagawa masikio yao kwa wasanii wangapi.

Geuza mfano wetu. Kijana wa duka awe shabiki wa dhaanto, strimu zote 900 za msanii wetu wa Wajir. Muuguzi na mzee wawe ndio wanaomsikiliza nyota wa Nairobi, strimu zao 100. Kwa chungu kimoja msanii wa Wajir anapata shilingi 567 na nyota anabaki na 63. Kwa mfumo wa msikilizaji, msanii wa Wajir anashuka hadi 210 na nyota anapanda hadi 420. Ni msanii yuleyule na mji uleule, lakini aliyepoteza sasa ni yeye.

Kwa hiyo prorata huwapendelea wanaopendwa na wasikilizaji wa kuchezesha muziki kutwa: vijana, madereva, maduka, vibanda vya kinyozi. Mfumo wa msikilizaji huwapendelea wanaopendwa na watu wanaosikiliza kidogo lakini kwa kurudi kwa mwimbaji yuleyule, na mara nyingi hao ni watu wazima.

Ushahidi mkubwa nilioupitia ni wa Ufaransa. Januari 2021 kituo cha taifa cha muziki cha huko, kinachoitwa CNM kwa kifupi, kilitoa utafiti uliopima mabadiliko hayo kwa data za Deezer na Spotify. Kwa upande wa Deezer, wasanii kumi wa juu kabisa wangepoteza karibu asilimia 17 ya mapato. Rap ingeshuka kwa asilimia 21. Muziki wa klasiki ungepanda kwa asilimia 24. Sababu ni ileile ya duka la simu na mzee wa qaraami: shabiki wa rap ni kijana na hucheza sana, shabiki wa klasiki ni mtu mzima na hucheza kidogo.

Utafiti huohuo una jambo jingine ambalo watetezi wa mfumo mpya hulipita haraka. Kwa msanii aliye nje ya elfu kumi wa kwanza, ongezeko lingekuwa, kwa wastani, euro chache tu kwa mwaka. Asilimia ya kitu kidogo hubaki kidogo. Msanii mwenye wasikilizaji kumi hatajengewa nyumba na mfumo wowote.

Nyimbo zetu ni ndefu. Je, hilo lina uzito?

Lina uzito sana, na ni jambo linalotugusa kuliko watu wa Nairobi. Strimu haipimwi kwa dakika. Kaswida ya dakika kumi na mbili ni strimu moja. Wimbo wa dakika mbili nao ni strimu moja. Katika dakika kumi na mbili hizo, kijana wa duka amempatia nyota wake strimu sita. Ndiyo maana duniani kote nyimbo zimekuwa zikifupishwa na viitikio kuletwa mwanzoni: prorata inalipa marudio.

Mfumo wa msikilizaji unapunguza hasara hiyo lakini hauiondoi. Anayesikiliza kaswida pekee, fungu lake lote litakwenda kwenye kaswida, ziwe ndefu au fupi. Anayechanganya kaswida na nyimbo fupi, ndani ya fungu lake bado nyimbo fupi zitachukua zaidi, kwa kuwa hata humo kinachohesabiwa ni strimu.

Na wale wanaonunua strimu za uongo?

Hapa prorata ina tundu kubwa. Wimbo wa sekunde 30 ukichezwa bila kukoma hutoa strimu 2,880 kwa siku, zaidi ya 86,000 kwa mwezi, kwa akaunti moja iliyolipiwa ada moja. Kwa kuwa chungu ni kimoja, akaunti hiyo huchota pesa za watu wengine. Mwaka 2017 kulitokea orodha ya nyimbo huko Bulgaria iliyojaa vipande vya zaidi kidogo ya sekunde 30, ikasukumwa na akaunti chache zisizolala, ikapanda hadi kwenye orodha zenye mapato makubwa za Spotify. Waliogundua hawakutumia mashine ya ajabu. Waliona tu mapato makubwa kwenye orodha yenye wafuasi wachache mno.

Kwa mfumo wa msikilizaji ujanja huo hauna faida. Akaunti inayocheza strimu 86,000 inaweza kugawa ada yake tu, na mwizi ambaye kwanza analipa 300 ili arudishiwe 210 anajiibia mwenyewe. Kwangu mimi hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa mfumo wa msikilizaji, kuliko hata ile ya kuwasaidia wadogo. Isipokuwa mwizi akiiba akaunti za watu wengine: hapo hata mfumo huu hauzuii kitu.

Kwa nini basi programu hazijahama?

Kwa sababu haziamui peke yazo. Mikataba ni kati ya programu na kampuni za rekodi, na zile tatu kubwa, Universal, Sony na Warner, zinamiliki nyimbo za watu haohao ambao wangepungukiwa. Deezer ilitangaza kuutaka mfumo wa msikilizaji mwaka 2019 na haikuwapata wote upande wake. Mwaka 2023 ikaingia njia ya tatu pamoja na Universal: chungu kinabaki kimoja, lakini strimu za msanii mwenye angalau strimu 1,000 kwa mwezi kutoka kwa wasikilizaji tofauti wasiopungua 500 zinahesabiwa mara mbili. SoundCloud ndiyo iliyothubutu: tangu Aprili 2021 inawalipa wasanii wanaopokea mapato yao moja kwa moja kwake kwa mfumo wa msikilizaji.

Spotify imebaki na chungu, na imeongeza kizingiti. Tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote kwa upande wa rekodi, na fungu lake linarudi kwa nyimbo nyingine. Mwanzoni mwa kazi, sheria hiyo inamgusa msanii wa Wajir kuliko mjadala mzima wa prorata. Aliyetoa nyimbo kumi zenye strimu 400 kila moja ana strimu 4,000 na hapati kitu. Mwenzake mwenye wimbo mmoja wa strimu 4,000 analipwa.

Kwa msanii wa Wajir, upi una faida zaidi?

Inategemea unamwimbia nani, na pia msikilizaji wako yuko nchi gani.

Chungu nilichokitaja si kimoja cha dunia nzima. Kila nchi ina chake, na ndani ya nchi kuna cha wanaolipa na cha wanaosikiliza bure na matangazo. Strimu ya Kenya inalipwa kutoka chungu cha Kenya, ambako ada ni ndogo na wengi hawalipi. Strimu ya Minneapolis, Toronto au London inalipwa kutoka chungu cha huko. Ndilo lililokuwa kwenye simu ya yule kijana: mstari wa US ulikuwa na strimu chache kuliko mstari wa KE, lakini dola zake zilikuwa nyingi zaidi. Alikuwa ameuona na akadhani ni kosa la kompyuta.

Sasa unganisha mawili haya. Muziki wa Kisomali una wasikilizaji wengi ughaibuni, na miongoni mwao wako watu wazima wanaotafuta sauti walizoziacha nyumbani, wanaosikiliza kama mzee wa mifugo, kidogo na bila kuhamahama. Mwimbaji wa qaraami mwenye mashabiki wa namna hiyo angefaidika sana na mfumo wa msikilizaji, maana ada nzima ya Marekani ingegawanywa kwa nyimbo chache. Kijana anayeimba nyimbo za kuchezwa, zinazopigwa dukani na TikTok, pengine yuko salama zaidi pale prorata inapotawala. Mwimbaji wa kaswida yuko karibu na yule wa qaraami. Wasikilizaji wake wengi wakisikiliza bure, hata hivyo, mfumo wowote utagawa pesa za matangazo tu, ambazo kwa kila mtu ni kidogo mno.

Nitajuaje wasikilizaji wangu ni wa aina gani?

Kwa ukamilifu huwezi. Kwenye Spotify for Artists utaona "Listeners" na "Streams". Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata kila mtu amekucheza mara ngapi. Lakini hutaona amewacheza wengine mara ngapi. Muuguzi aliyekupa 40 kati ya 60 na kijana aliyekupa 40 kati ya 900 wanafanana kabisa kwenye kioo chako, ilhali katika mfumo wa msikilizaji wa kwanza ana thamani ya shilingi 140 na wa pili shilingi 9 na senti kidogo. Unachoweza kufanya ni kukisia: tazama umri wao, tazama nchi, na tazama kama wanakutafuta kwa jina au wanakukuta kwenye orodha zilizopangwa na wengine. Anayeandika jina lako mwenyewe mara nyingi ndiye wa kurudi.

Kenya hatuna mfano wowote wa pesa kumfuata mwimbaji?

Tunao, na watu wa Wajir wanautumia kila siku bila kuuita kwa jina hilo. Ni Skiza. Unabonyeza *811#, unachagua wimbo, unakatwa shilingi zako, na zinazogawanywa ni hizo zako kwa wimbo huo uliouchagua. Jirani yako akiwa na Skiza tano za nyota wa Nairobi, hazigusi ya kwako. Sheria ya Hakimiliki ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022 ikataka sehemu ya msanii au mwenye wimbo isipungue asilimia 52.

Tumewahi kuuona pia mfumo usio chungu wala msikilizaji. Mwaka 2019 wanachama wa MCSK, chama cha kukusanya mirabaha, walilipwa shilingi 2,530 kila mmoja, aliyepigwa redioni kutwa na asiyepigwa kabisa. Kulikuwa na makelele nchi nzima, na kwa haki.

Yule kijana wa dhaanto alimaliza chai yake akaniuliza kama wimbo wake unaweza kuwekwa Skiza. Unaweza, mradi umesajiliwa kwa jina lake na msambazaji anayetambulika aupeleke huko. Wewe msikilizaji, ukitaka shilingi yako imfikie mwimbaji wako kabla mifumo haijabadilika, acha kumtumia mwenzako wimbo kwa WhatsApp. Mtumie namba ya Skiza ya wimbo huo.